Kuchagua mistari ya taarifa ya benki: mikubwa, yenye mashaka, na ile inayobaki

Swali: Wakuu, niko ofisi ya ukaguzi hapa Mbeya mjini. Nimepewa taarifa ya benki ya AMCOS moja ya kahawa kule Mbozi, mwaka mzima, malipo ni mistari mia sita na ushee. Bosi kasema "chagua mikubwa na yenye mashaka, ujaze karatasi." Nachaguaje bila kubahatisha, na naandika nini?

Jibu:

Mkuu, anza na kujua kama hiyo taarifa ni kamili, maana sampuli iliyotoka kwenye orodha yenye pengo haina maana. Taarifa itoke benki moja kwa moja kuja kwenu, au mhasibu wa chama aipakue ukiwa umekaa pembeni yake. Faili la Excel lililokuja kwa barua pepe ya chama usilitegemee peke yake, kwa sababu kufuta mstari mmoja ndani yake ni kazi ya sekunde. Kisha pima salio linavyotembea. Kama tarehe iko A, maelezo B, malipo C, mapokezi D na salio E, weka hii kuanzia mstari wa pili wa data:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

Kila jibu liwe 0. Lisipokuwa 0, kuna mstari umetoka, umeingizwa, au kiasi kimeguswa. Mara nyingine ni ukurasa tu umeruka wakati wa kugeuza PDF, lakini hilo ulijue kwa kurudi kwenye nakala ya benki, si kwa kukisia. Ukimaliza, ipe kila mstari namba yake ya kudumu, ili hata ukipanga upya kwa kiasi au kwa jina uweze kurudi ulikotoka.

Jua pia unapima nini. Ukitoka kwenye taarifa ya benki kwenda kwenye daftari la fedha na vocha, unakamata pesa iliyotoka bila kuandikwa, au iliyoandikwa tofauti na ilivyotoka. Malipo yaliyoandikwa daftarini lakini hayakupita benki huwezi kuyaona kwa njia hii. Hayo yanahitaji safari ya kinyume, na ni kazi nyingine.

Sasa tufanye kwa namba za mfano. Malipo ni mistari 640, jumla TZS 486,000,000. Bosi ameweka kiwango cha umuhimu kuwa TZS 9,700,000, yaani karibu asilimia 2 ya matumizi, na kiwango cha chini cha kufanyia kazi TZS 7,000,000. Hivi viwango ni vyake, usijiwekee mwenyewe. Mwombe akuthibitishie kwa maandishi.

Mistari ya 7,000,000 na zaidi unaichukua yote. Tuseme iko 21 na inabeba 318,000,000. Hapo hakuna sampuli, unakagua wote. Makato ya benki, mistari 230 yenye 3,100,000 kwa jumla, yatoe pembeni uyapime kwa pamoja ukilinganisha mwezi na mwezi.

Kwenye AMCOS, hii mikubwa ina mtego wake. Mstari mmoja wa TZS 46,300,000 unaweza kuwa malipo ya mkupuo kwa wakulima 212. Ukiona kuna vocha na saini ukaweka tiki, umekagua karatasi ya juu tu. Omba orodha iliyopelekwa benki, hakikisha jumla yake ni sawa na mstari, halafu chukua sampuli ndani ya orodha hiyo: jina, stakabadhi ya kupokelea kahawa, kilo, bei, makato ya pembejeo, kiasi cha mwisho. Akaunti inayojirudia kwenye majina tofauti utaiona hivi, kama namba za akaunti ziko safu ya D:

```
=COUNTIF($D$2:$D$213,D2)
```

Ikizidi 1, uliza. Mume na mke wanaweza kutumia akaunti moja na ikawa halali kabisa, ila majina matano yakiingia akaunti moja hiyo ni hoja. Safu hiyo iwe ya maandishi tangu unapoingiza data, maana akaunti inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake Excel ikiichukua kama namba, na hutaweza kuilinganisha na orodha ya benki.

Mashaka nayo yawe na sababu inayoandikika. "Nimeona kama haiko sawa" haitoshi, kwa sababu mwenzako akichukua taarifa ileile lazima afike kwenye mistari ileile. Mimi kwa AMCOS naangalia zaidi pesa taslimu iliyotolewa dirishani, malipo kwa jina la kiongozi au mtumishi, malipo ya wakulima yanayotoka nje ya msimu wa kukusanya kahawa, malipo ya siku chache kabla na baada ya mwaka kufungwa, na kiasi kinachokaa chini kidogo ya mpaka wa idhini. Hili la mwisho ndilo linalozaa zaidi. Kama malipo ya 5,000,000 na kuendelea yanahitaji kibali cha bodi, chuja yote kati ya 4,500,000 na 4,999,999, yapange kwa mlipwaji na tarehe. Ukikuta 4,900,000 na 4,850,000 kwa fundi mmoja siku moja, umeona kazi moja iliyokatwa vipande viwili. Weka safu ya sababu kwenye faili na herufi fupi: T kwa taslimu, M kwa mpaka, U kwa jina la uongozi, na kadhalika.

Tuseme mashaka yamekupa mistari 27 yenye 41,000,000. Inabaki mistari 362 yenye 123,900,000, na hapa ndipo wengi wanaposimama wakidhani wamemaliza. Mikubwa na yenye mashaka umeichagua kwa makusudi, kwa hiyo kosa utakalokuta humo linahusu mistari hiyo tu. Huwezi kulipanua ukasema kitu juu ya 123,900,000 iliyobaki. ISA 530 iko wazi kwamba sampuli ya ukaguzi ni ile inayompa kila mstari wa kundi nafasi ya kuchaguliwa. Kwa kundi hili la tatu, wacha shilingi zichague.

Gawa 7,000,000 kwa 2.3, ambacho ni kigezo cha uhakika wa asilimia 90 pale usipotarajia kosa. Unapata 3,043,478, punguza iwe hatua ya 3,000,000. Nakili ile mistari 362 peke yake kwenye laha mpya, kiasi kikiwa safu ya C. Weka mwanzo wa bahati nasibu kwenye H1 kwa `=RANDBETWEEN(1,3000000)`, kisha hapohapo ubandike kama thamani, la sivyo utabadilika kila ukigusa faili na sampuli yako haitarudiwa na mtu yeyote. H2 iwe 3000000. Safu ya F ni jumla inayokua, ya G ndiyo inayochagua:

```
F2: =SUM($C$2:C2)
G2: =INT((F2-$H$1)/$H$2)-INT((F2-C2-$H$1)/$H$2)
```

Penye 1 au zaidi, mstari umechaguliwa. Mwanzo ukiwa 1,370,000 unapata alama 41. Mistari inaweza kuwa pungufu ya hapo, kwa sababu mstari wa 6,000,000 unapigwa mara mbili. Ule wowote wa 3,000,000 na zaidi hauwezi kukwepa.

Sasa karatasi. Kila mstari uliochaguliwa uwe na namba yake, tarehe, maelezo kama benki ilivyoandika, kiasi, kundi ulilotoka na sababu. Halafu safu tano za vipimo: vocha ya malipo ipo, ankara au stakabadhi ya mlipwaji ipo, walioidhinisha ni wenye mamlaka, jina na kiasi ni sawa na benki, imeingia daftarini kwenye kifungu sahihi na mwaka sahihi. Jaza ndiyo, hapana, au haihusiki. Usiache wazi, maana nafasi tupu haisemi kama ulikagua au ulisahau.

Vocha ikikosekana, usichukue mstari wa jirani badala yake. Wachanga wengi hufanya hivyo kwa nia njema ya kujaza idadi, na hapo ndipo hoja yenyewe inapopotea. Iombe kwa maandishi, weka tarehe, tafuta njia mbadala kama stakabadhi kwa mlipwaji au picha ya hundi kutoka benki. Ikishindikana, ihesabu kuwa kosa kwa kiasi chake chote. Na andika hivi:

"Mstari 318, 14 Agosti, CHQ PAID, TZS 1,200,000, kundi la tatu. Vocha haikuonekana kwenye faili la Agosti, namba za vocha zinaruka moja. Iliombwa kwa barua, haikuletwa. Daftarini imeandikwa 'usafirishaji'. Hakuna hati ya msafirishaji wala ya mizigo."

Sentensi kama "nyaraka hazijitoshelezi" haimsaidii mtu. Bosi hawezi kuandika hoja kutokana nayo, na chama hakiwezi kuijibu.

Mwisho ni kujumlisha, na hapa tenganisha aina mbili. Ile 4,900,000 na 4,850,000 ya fundi, kama kazi ilifanyika na ankara zipo, si kosa la kiasi. Ni udhibiti uliokiukwa, unaingia kwenye barua ya uongozi, hauongezwi kwenye shilingi. Kosa la kiasi ni kama TZS 5,200,000 ya magunia iliyolipwa 3 Julai: magunia yalipokelewa Mei, mwaka wa chama ulifungwa 30 Juni, lakini gharama imewekwa mwaka huu. Lilitoka kwenye kundi la mashaka, kwa hiyo unalichukua lilivyo, bila kulipanua.

Ya kundi la tatu unayapanua. Mstari 318 umekosewa wote, asilimia 100 ya hatua, yaani 3,000,000. Mwingine wa 850,000 una ankara ya 680,000, pungufu ni asilimia 20, kwa hiyo 600,000. Jumla 3,600,000, ukiongeza 5,200,000 unafika 8,800,000. Iko chini ya 9,700,000, lakini imepita 7,000,000, na bado hujaweka nafasi ya makosa ambayo sampuli haikuyagusa. Hapo usiandike kuwa malipo yako sawa. Mwonyeshe bosi hesabu hiyo, na upendekeze kitu mahususi: kwa kuwa mstari 318 ni malipo ya usafirishaji, toa malipo yote ya usafirishaji yaliyobaki kwenye kundi la tatu uyakague moja moja. Chama nacho kiombwe kurekebisha ile 5,200,000 kabla hesabu hazijasainiwa.