Mteja wangu wa kwanza alitoka zamu ya usiku

Muuguzi mwenzangu unayestaafu na kutaka kuanza kazi ya ushauri, miezi minne ya mwanzo mimi niliipoteza kwa maneno tu. Kila aliyeniuliza nafanya nini siku hizi nilimjibu, "Nimeanzisha ushauri wa masuala ya afya." Walinipongeza wote. Hakuna aliyenipa kazi.

Kisha akanipigia mwenzangu niliyekesha naye zamu nyingi wodi ya upasuaji. Alitaka kunijulia hali. Akauliza, "Lakini dada, hasa hasa unafanya nini?" Siku ile nikamjibu hivi: "Nafuatilia vifaa, tangu vinapotoka kwa mgonjwa mmoja mpaka vinapofika kwa mwingine, naonyesha usafi unapokatikia." Akanyamaza kidogo. "Basi njoo kwetu. Vidonda vya upasuaji mdogo vinatunga usaha, na hatujui kwa nini." Yeye ni msimamizi wa wauguzi katika kliniki ndogo ya binafsi. Jibu la kwanza angelisikia mara kumi bila kukumbuka vile vidonda.

Alitaka niende kesho yake. Nilitamani sana, ila niliuliza kwanza: anayeamua na kulipa ni nani? Ni daktari mwenye kliniki. Nikamwomba anitambulishe kwake, kisha atuache tuzungumze wawili. Bei ikipitia kwa rafiki, rafiki anageuka dalali, na baadaye hakuna kati yenu anayeweza kusema hapana.

Hadidu za rejea niliziandika ukurasa mmoja. Siku 2 za kuangalia kazi, siku 1 ya kupitia rejesta, na taarifa ya maandishi mwishoni. Chini yake nikaandika nisichofanya: sitibu wagonjwa, sichunguzi nidhamu ya mtumishi yeyote, wala majina ya wagonjwa hayataingia kwenye taarifa. Nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi. Kwenye hesabu niliweka siku 5, kwa kuwa kuandika taarifa kungenichukua 2 zaidi. Wauguzi tumezoea kuhesabu saa tulizosimama wodini tu. Kalamu nayo ina saa zake.

Siku ya kwanza sikusema kitu, nilitazama. Mchana nikachukua pakiti iliyotoka kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke. Kitambaa kilikuwa na unyevu. Utepe wa nje ulikuwa umebadilika rangi, na kijana aliyekuwa zamu alinionyesha huo utepe kwa imani kabisa. Lakini utepe ule unathibitisha kwamba pakiti imepita kwenye joto. Hausemi kama mvuke ulifika ndani. Na kitambaa kikilowa, vijidudu hupenya nacho kutoka nje, kwa hiyo pakiti hiyo haihesabiki kuwa safi tena.

Nikakaa hapo mpaka mzunguko uliofuata. Pakiti zilishindiliwa kama nguo sandukuni, mvuke usipate pa kupita. Mashine yao ilikuwa ya nyuzi 121 za Selsiasi, ambayo kwa vifaa vilivyofungwa inahitaji dakika 30, zihesabiwe baada ya joto hilo kufikiwa. Wao walianza kuhesabu walipowasha. Mwisho walifungua mlango na kutoa pakiti papo hapo, bila kuziacha zikauke. Rejesta ilikuwa na tarehe na sahihi tu, haina safu ya joto wala ya muda.

Jioni mwenzangu alisoma rasimu, uso ukabadilika. Chumba kile kiko chini yake. "Hii si itaniharibia?" Nililijua swali hilo lingekuja, ndiyo maana nilimwonyesha kabla ya bosi wake. Sikufuta nilichokiona. Niliandika utaratibu ulivyo, bila jina la mtu: "pakiti hutolewa kabla ya kukauka", si "fulani hutoa". Tena niliandika wazi kwamba siwezi kuthibitisha kuwa pakiti hizo ndizo zilizosababisha vidonda, kwani usaha una vyanzo vingi, kuanzia mikono mpaka hali ya mgonjwa mwenyewe. Mshauri mpya hutamani kutaja sababu moja ili aonekane amefaulu. Usiandike usichokipima.

Daktari alilipa nusu iliyobaki na kuniomba nirudi baada ya wiki 6 kuangalia rejesta mpya. Nilipofika, karatasi ya maelekezo ilikuwa imebandikwa juu ya mashine. Chini ya maneno yangu, mwenzangu alikuwa ameongeza mstari kwa mwandiko wake ninaoujua tangu zile zamu: "Pakiti ikitoka na unyevu, irudishwe ifungwe upya. Niiteni hata usiku."