Rekodi ya presha ya wiki

"Daktari kataka rekodi ya presha ya mama ya wiki nzima, naandikaje?"

Asubuhi kabla hajameza dawa na jioni kabla ya kula, akae ametulia dakika 5 kwanza, halafu mpime mara 2 mkipishanisha dakika 1, na uandike zote mbili. Kuna wanaosema kati ya hizo mbili chagua ile ndogo, hapana aisee, hapo unamficha daktari ugonjwa. Mfano 148/92 na 142/88, wastani wake 145/90. Wiki ikiisha toa siku ya 1 maana huwa inapanda kwa wasiwasi, zilizobaki tafuta wastani wa asubuhi peke yake na wa jioni peke yake, coz asubuhi ikiwa juu kila siku labda dawa inaisha nguvu usiku, daktari ndo ataamua. Mashine nenda nayo pia wailinganishe na yao.