Shahidi Anapopingana na Maelezo Yake ya Polisi: Funga Milango Kwanza

Wanafunzi wengi wa sheria, wakisikia shahidi anasema kizimbani jambo tofauti na alilolisema polisi, huinuka mbio na karatasi mkononi wakauliza: "Shahidi, mbona polisi ulisema vingine?" Swali hilo linamwokoa shahidi. Atasema alikuwa na hofu, askari alikuwa anaandika haraka, hakusomewa, alisaini kwa kuwa aliambiwa asaini. Kila sababu atakayotoa itamfanya aonekane mtu wa kawaida aliyepitishwa kwenye shida, na ile tofauti uliyoibeba kama silaha inageuka kuwa maelezo yake ya ziada.

Mimi ni wakili hapa Iringa, na huwa nawasaidia wanafunzi wa sheria katika kesi za mazoezi. Kesi ninayopenda kuwapa tumeitunga wenyewe na kuiweka Mafinga. Fundi mbao amevunjiwa stoo usiku na chenso yake imeibiwa. Mshtakiwa ni kijana aliyewahi kuwa kibarua wake. Shahidi mkubwa wa mashtaka ni mlinzi wa nyumba ya jirani, na nafasi hiyo simpi mwanafunzi. Namwomba mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi aishike, kwa sababu mwanafunzi mwenzako atakujibu unavyotaka, mzee huyu hatakujibu hivyo.

Katika maelezo yake ya polisi, yaliyoandikwa asubuhi baada ya tukio, mlinzi anasema: "Kulikuwa na giza na ukungu. Niliona mtu mmoja amevaa koti jeusi anatoka stoo amebeba kitu begani. Sura yake sikuiona vizuri." Mahakamani anasema taa ya barazani ilikuwa inawaka, alimwona mshtakiwa usoni, na akamtambua kwa kuwa wanafahamiana.

Tofauti hii si ya pembeni. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, utambuzi wa macho usiku hupimwa kwa uangalifu mkubwa: mwanga ulikuwa kiasi gani, umbali gani, shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla au la. Mwanga ukianguka, kesi ya mashtaka imeanguka nao. Kama mlinzi angetofautiana tu kuhusu saa nane au saa nane na nusu, ningemwambia wakili wa utetezi aachane nalo, maana mahakama hutenganisha tofauti ndogo zinazotokana na kumbukumbu na zile zinazogusa kiini cha kesi. Ukizikusanya zote na kuzipigia kelele sawasawa, ile kubwa inazama katikati ya ndogo.

Tuanze na upande wa mashtaka, maana shahidi huharibika au kusimama imara mikononi mwa anayemwongoza. Kanuni inajulikana: katika kumwongoza shahidi wako, usimtilie jibu mdomoni. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu maswali elekezi kwa mambo ya utangulizi na yasiyobishaniwa. Kwa hiyo unaweza kumuuliza mlinzi, "Wewe ni mlinzi wa nyumba iliyopakana na stoo ya mlalamikaji, sivyo?" na hakuna atakayepinga. Lakini ukifika kwenye taa, "Taa ilikuwa inawaka, sivyo?" ni swali bovu. Hata utetezi usipopinga, jibu la "ndiyo" ni lako, si la shahidi, na hakimu anajua.

Binti aliyesimama kwa mashtaka safari iliyopita alifanya jambo ninalotaka wengine waige. Alimwacha mzee aieleze ile nafasi kabla ya kumtaja mtu yeyote. "Shahidi, ulikuwa umekaa wapi?" "Pale ulipokaa, unaona nini mbele yako?" "Kutoka hapo hadi mlango wa stoo, unaweza kutuonyesha umbali humu ndani?" Mzee akanyoosha mkono hadi kwenye dirisha la mwisho, na binti akasema kwa sauti ili iingie kwenye kumbukumbu: "Mheshimiwa, shahidi ameonyesha umbali wa kama hatua kumi na mbili." Ndipo akauliza, "Uliwezaje kuona usiku ule?" Swali fupi, halina jibu ndani yake. Baada ya hapo ndipo mtu akatajwa.

Kosa lilikuwa kabla ya kuingia mahakamani. Wakili wa mashtaka alikuwa na yale maelezo kwenye jalada, naye hakumpa mzee nafasi ya kuyasoma upya wala hakumuuliza habari ya giza na ukungu. Kumfundisha shahidi cha kusema ni haramu. Kumwachia asome alichoandikisha, na kumuuliza kwa nini sasa anasema vingine, ni wajibu. Kama ana sababu ya kweli, utaijua mapema. Kama hana, utajua kwamba utambuzi huo hauwezi kubeba kesi, na pengine unahitaji shahidi mwingine.

Sasa utetezi. Ukishasikia neno "taa" usiangalie juu, usitabasamu, usimgeukie mwenzako. Andika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, kwa sababu utayahitaji neno kwa neno. Kazi yako ya kwanza ni kumfanya ayarudie na kuyathibitisha, taratibu, kama mtu anayetaka tu kuelewa vizuri. Mbuzi hakamatwi zizini kabla mlango haujafungwa.

Kijana wa utetezi alimwamkia mzee kwanza, "Kamwene, mzee," na mzee akatulia. Kisha wakaenda hivi:

"Umesema taa ya barazani ilikuwa inawaka?"
"Ndiyo."
"Na kwa mwanga huo ukaiona sura ya mtu yule?"
"Niliiona."
"Vizuri?"
"Vizuri kabisa."
"Huna shaka na hilo hata kidogo?"
"Sina."

Hapo mlango wa kwanza umefungwa. Hawezi tena kusema kwamba alikuwa anakisia. Wanafunzi wengi hurukia karatasi papo hapo, wakati mlango wa pili ungali wazi: ule wa "askari aliandika vibaya". Huo hufungwa kwa kuyapa nguvu maelezo ya polisi kabla shahidi hajajua kwamba yatamgeukia.

"Mzee, polisi ulikwenda asubuhi iliyofuata?"
"Asubuhi hiyo hiyo."
"Tukio bado bichi kichwani?"
"Bado bichi."
"Ulitaka mwizi akamatwe, kwa hiyo ulieleza kila ulichokiona?"
"Nilieleza yote."
"Baada ya kuandikwa, ulisomewa?"
"Nilisomewa."
"Ukaridhika, ukasaini?"
"Nilisaini."

Angalia kwamba kila swali lina jambo moja tu, na jibu lake ni fupi. Ukiweka mambo mawili katika swali moja, shahidi atajibu lile rahisi na kuliacha lile unalolitaka. Na kama mzee angesema, "Hapana, sikusomewa," usibishane naye. Lipokee, endelea, na ujue kwamba utamhitaji askari aliyeandika maelezo ili athibitishe namna yalivyoandikwa.

Kisha ndipo karatasi itoke. Kwa mujibu wa kifungu cha 154 cha Sheria ya Ushahidi katika toleo la 2019 (ukiwa na toleo jipya, kagua namba), unaweza kumdodosa shahidi juu ya maelezo yake ya maandishi bila kumwonyesha. Lakini ukitaka kuyatumia kumpinga, lazima kwanza umwelekeze kwenye sehemu zile zile unazotaka kuzitumia. Kupunga karatasi na kusema "polisi ulisema vingine" hakutoshi. Mwonyeshe maelezo, ayatambue kwa jina na sahihi yake. Yasomwe kwake. Umwelekeze kwenye mistari husika: "Hapa umesema, 'Kulikuwa na giza na ukungu.' Ndivyo ilivyoandikwa?" "Ndivyo." "Na hapa, 'Sura yake sikuiona vizuri.' Ndivyo ilivyoandikwa?" Mzee akanyamaza, akasema, "Ndivyo."

Kijana akakaa. Nikamsimamisha.

Alikuwa hajaomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Hili ndilo linalopoteza kesi nyingi za mazoezi, na si za mazoezi tu. Maelezo yaliyobaki mkononi mwa wakili si ushahidi. Hakimu akiandika hukumu, hatakuta karatasi hiyo kwenye kumbukumbu, na mahakama ya rufani haitaiona. Unasema: "Mheshimiwa, naomba maelezo haya yapokelewe kama kielelezo cha utetezi." Upande wa pili unapewa nafasi ya kupinga, mahakama inaamua, kielelezo kinapewa alama. Ndipo unakaa.

Unakaa kweli. Usiulize, "Kwa hiyo ulikuwa unadanganya?" Usiulize, "Sasa tuamini lipi?" Najua swali hilo linavyowasha ulimi, nimewaona mawakili wazoefu wakishindwa kulizuia. Lakini tofauti hiyo ni ya kuelezwa kwenye hoja za mwisho, wakati shahidi hayupo kizimbani kukujibu. Ukimuuliza leo, umemrudishia mlango uliokwisha kuufunga.

Mwenye haki ya kuuliza "kwa nini" ni upande wa mashtaka, katika maswali ya ufafanuzi, na ni kwa mambo yaliyojitokeza kwenye dodoso tu. Binti wa mashtaka alisimama, akauliza swali moja: "Mzee, hebu ieleze mahakama, kwa nini polisi ulisema giza na leo unasema taa?" Mzee akajibu kwamba umeme ulikatika usiku ule, ukarudi wakati mtu yule anatoka stoo, polisi alieleza hali ya mwanzo. Jibu lilikuwa na mantiki. Lakini kielelezo kilikuwa tayari mezani, nacho kinasema sura hakuiona vizuri wakati mtu huyo anatoka, si kabla. Umeme kurudi hakuigusi sentensi hiyo.

Tuliporudia zoezi, nilimwomba mzee aseme hakusomewa maelezo yake. Utetezi uliomba nafasi ya kumwita askari. Huko ndiko kazi ilipokuwa ngumu zaidi, kwa sababu askari akiitwa na utetezi ni shahidi wa utetezi, na ghafla kijana aliyezoea "sivyo?" na "si ndiyo?" akalazimika kuuliza: "Askari, ulifanya nini baada ya kumaliza kuandika?"