Kabla ya kuifungua kumbukumbu, uliza itafungwaje

"Habari wanajukwaa. Nilinusurika ajali ya basi mwaka juzi na usiku bado naiona. Mshauri mmoja ameniahidi kuniponya kwa tiba ya miondoko ya macho, kikao kimoja tu, Jumamosi hii. Wengine wananiambia nitafute tiba ya utambuzi inayolenga kiwewe. Ipi bora?"

Ndugu yangu, usiende Jumamosi hiyo. Mimi nami nilitoka hai katika ajali ya basi, lakini binamu yangu, ambaye nilikuwa nimemwachia kiti changu cha dirishani, hakutoka. Mshauri niliyempata aliniahidi kikao kimoja, na dakika chache baada ya kuketi alikwisha kuniambia niitazame akilini picha mbaya kuliko zote huku macho yangu yakifuata vidole vyake kushoto na kulia. Hakuniuliza kama ninalala, wala kama kuna mtu ananisubiri nyumbani, wala hakunifundisha namna ya kujituliza. Picha zikafunguka moja baada ya nyingine. Muda ulipoisha nilikuwa natetemeka, naye akaniaga akisema kwamba ubongo utamalizia kazi wenyewe. Nilipanda daladala, breki zikalia, nikashuka kituo cha kwanza na kutembea kwa miguu hadi nyumbani. Wiki tatu sikupata usingizi wa maana, na kwa mwaka mzima kila aliyenitajia tiba nilimkwepa. Mtu anayeuza kitu kama hicho na kukiita tiba bado ananikasirisha hadi leo.

Tiba yenyewe haina kosa. Francine Shapiro, aliyeianzisha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, aliipangia hatua nane, na miondoko ya macho huanza katika hatua ya nne. Kabla ya hapo mtaalamu huchukua historia yako, hukufundisha kujituliza mpaka uweze, kisha mnachagua picha moja, imani mbaya iliyoshikamana nayo, na imani ambayo ungependa ichukue nafasi yake. Unasema pia kero yako ni ngapi, kuanzia 0 hadi 10. Ndipo macho yanapofuata mkono kwa takriban nusu dakika, anasimama, anakuuliza umeona nini, na mnaendelea kutoka hapo bila yeye kukudai masimulizi marefu. Hatua ya saba ni kufunga kikao, hata kama kero haijashuka, na ya nane ni kukagua hali yako mnapokutana tena. Mimi nilipewa ya nne peke yake.

Kwa nini macho yasaidie, wataalamu bado wanabishana. Maelezo yanayoungwa mkono na wengi ni kwamba akili, ikilazimika kushika picha na kufuata mkono kwa wakati mmoja, haina nafasi ya kutosha kwa yote mawili, kwa hiyo picha hupoteza ukali wake na kuhifadhiwa upya ikiwa imefifia.

Tiba ya utambuzi, ambayo ndiyo iliyonisaidia mwishowe, hupitia mlango mwingine. Unasimulia tukio kwa kina, unakabiliana na unavyovikwepa, unapewa kazi za kufanya nyumbani, na imani yako inahojiwa waziwazi. Imani yangu ilikuwa "nimemuua kwa kumpa kiti." Mwanasaikolojia aliniomba nieleze nilijua nini dakika ile nilipompisha. Nilijua kwamba alikuwa anasikia kichefuchefu na alihitaji hewa, basi. Tulirudi kwenye kipande kile cha kumbukumbu, nikakisimulia kwa wakati uliopo kana kwamba ninakiona, na palepale palipouma nikatamka nilichokijua sasa: nilimpisha kwa kumwonea huruma, na hakuna abiria aliyejua lori lingehama upande wake. Tulirudia hivyo vikao kadhaa kabla maneno hayo hayajaacha kuwa ya mdomoni tu. Huzuni imebaki, lakini tukio limekuwa la zamani. Halinitokei tena jikoni kila ninaponusa dizeli ya jenereta ya jirani.

Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza zote mbili mwaka 2013, kwa hiyo sitakuchagulia. Kama huwezi kabisa kusimulia, ya macho inaweza kukufaa zaidi. Kama unajihukumu kama nilivyojihukumu mimi, kuhojiwa kwa imani kunaweza kukugusa haraka. Lakini yeyote utakayemwendea, kabla hujatoa hata shilingi, muulize hivi: "Muda ukiisha na kero yangu bado ni 8, utanifanyia nini kabla sijatoka mlangoni?" Mwenye ujuzi atakueleza kwamba anaacha dakika za mwisho kwa ajili ya kuirudisha akili yako hapo chumbani mlipo, mtafanya pamoja zoezi la kujituliza mlilokwisha kulijaribu, atakueleza kwamba ndoto zinaweza kuongezeka kwa siku chache na umpigie nani zikikuzidi, na atakupa tarehe ya kikao kijacho. Akikujibu kwamba hakutakuwa na kikao kijacho, chukua mkoba wako uondoke.