Muhtasari wa kikao na msimamizi wa tasnifu unaandikwaje?

"Wakuu, msimamizi wangu anataka nimwandikie muhtasari baada ya kila kikao, tuliyokubaliana na maoni ya pande zote mbili. Naandika nini hasa? Na maoni yangu juu yake nayaandikaje bila kumkosea adabu?"

Mkuu, nilifanya uzamili wa elimu na kosa langu la kwanza liko kwenye sentensi moja: "Kuanza kukusanya data mwezi Mei." Hapakuandikwa nani anaomba barua ya utambulisho. Mimi nilidhani msimamizi ameshapeleka jina langu, naye alikuwa anasubiri nimkumbushe. Barua ilipotoka chuoni, ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka halmashauri, nilimfikia mwalimu mkuu wiki ambayo shule zinafungwa. Nikasubiri hadi Julai.

Tangu hapo kila hatua niliiandika kwa mambo matatu: kitu gani kitaonekana mkononi, nani anakileta, na tarehe gani. "Kuendelea na sura ya tatu" usiiandike, maana haina siku ya kuisha. Kikao kilichofuata niliandika hivi:

"Mwanafunzi atawasilisha rasimu ya sura ya tatu, pamoja na dodoso, tarehe 12 Agosti. Msimamizi atairudisha na maoni tarehe 26 Agosti. Mwanafunzi atalijaribu dodoso kwa walimu 10 wa shule isiyo kwenye sampuli kabla ya 9 Septemba. Jaribio halianzi kabla maoni hayajarudi."

Angalia hicho kipande cha mwisho. Msimamizi akichelewa wiki mbili, jaribio nalo linasogea wiki mbili, na sababu imeshaandikwa. Bila hicho, ucheleweshaji wote unasomeka kuwa wako.

Maoni yake kwako yaandike pamoja na sababu. Aliniambia swali la pili la utafiti haliwezi kujibiwa kwa dodoso, kwa kuwa linauliza kwa nini walimu wanakwepa darasa la kwanza, na hilo linataka usaili. Miezi miwili baadaye aliuliza usaili umetoka wapi. Nilimfungulia ukurasa, akasoma, tukaendelea.

Maoni yako kwake yageuze yawe ombi linalohusu kazi. Mwandiko wake wa kalamu ulikuwa haunisomekei, nikaandika: "Mwanafunzi ameomba maoni yaandikwe ndani ya faili, na yale matatu ya kurekebishwa kwanza yawekewe alama." Hakukasirika hata kidogo. Lakini liseme kwanza mle kikaoni. Asikutane nalo kwenye muhtasari kama shtaka.

Tuma kwa barua pepe siku hiyohiyo, ukurasa mmoja, na umalizie: "Mwalimu, kama kuna nilipokosea naomba unirekebishe kabla ya Ijumaa." Asipojibu, hayo bado ni madokezo yako peke yako. Kwa hiyo kikao kinachofuata anza kwa kuusoma muhtasari uliopita mbele yake, akubali au arekebishe, kisha wote wawili mtie saini.