Uru na maboksi: lagna iko wapi kwenye kundali ya Kihindi

Swali: "Wakuu, nimepewa kundali mbili za mtu mmoja. Moja imechorwa kama uru za karata na ina namba, juu kabisa pameandikwa 8. Nyingine ni maboksi tu, namba hamna. Sasa lagna ni ipi hapo, na hiyo 8 ndo nyumba ya nane?"

Hapana mkuu, hiyo 8 sio nyumba, ni nyota ya nane, yaani Nge. Kundali ni mchoro wa nyota zilivyokaa mtu anapozaliwa, na lagna ni ile nyota iliyokuwa inachomoza mashariki dakika hiyo; ya huyo mtu ni Nge.

Mimi nimesoma India, mji wa Pune, na kundali za uru nilizizoea huko, halafu nikapangishiwa chumba kimoja na jamaa wa Chennai, kule kusini. Siku kaniletea kundali yake ya maboksi nikakwama kabisa, nilijua wamemchorea kitu kingine. Kumbe ni taarifa zilezile, ila watu wa kaskazini wanagandisha nyumba, yaani vile vipande kumi na viwili vinavyohesabiwa kuanzia lagna, na watu wa kusini wanagandisha nyota. Hilo likishakuingia hayo mengine yanakuja yenyewe.

Tuanze na ya uru. Chora mraba, piga mistari miwili ya kona kwa kona, halafu unganisha katikati ya kila upande na katikati ya upande unaofuata. Utapata uru nne katikati na pembetatu nane pembeni. Uru ya juu ndo nyumba ya kwanza, siku zote, kwa kila binadamu, hata uandike nini ndani yake. Kutoka hapo unahesabu kwenda kushoto, kinyume na saa ya ukutani inavyozunguka: uru ya kushoto ni nyumba ya 4, ya chini ni ya 7, ya kulia ni ya 10, na pembetatu zinajaza katikati. Sasa kwa vile nyumba hazihami lazima waandike nyota kwa namba, 1 ni Punda, 2 Ng'ombe, 3 Mapacha, mpaka 12 Samaki. Kwa hiyo lagna unaisoma kwenye namba ya uru ya juu, basi. Watu wengi wanatafuta palipoandikwa 1 wakidhani ndo nyumba ya kwanza, wanaangukia kwa Punda na kila kitu kinaharibika kuanzia hapo.

Ya kusini ni mraba wa maboksi manne kwa manne, manne ya katikati yako wazi (mara nyingi wanaandika humo jina na tarehe), yanabaki kumi na mbili kuzunguka. Hapa nyota ndo hazihami. Kona ya juu kushoto ni Samaki, boksi linalofuata kulia kwake ni Punda, halafu Ng'ombe, kona ya juu kulia Mapacha, unashuka Kaa, Simba, kona ya chini kulia Mashuke, unarudi kushoto Mizani, Nge, kona ya chini kushoto Mshale, unapanda Mbuzi, Ndoo, umefika Samaki tena. Unazunguka kama saa inavyozunguka. Namba hawaandiki kwa sababu kila mtu kule anajua Simba anakaa wapi, ni kama sisi na vituo vya daladala. Lagna wanaiwekea alama: kwenye programu utaona `As`, `Asc` au `La` ndani ya boksi, na kwenye za kuchora kwa mkono mara nyingi ni mstari mmoja tu wa mshazari umekata kona ya boksi. Ule mstari mimi nilidhani kalamu imeteleza. Boksi lenye alama ndo nyumba ya kwanza, ukishalipata unahesabu nyumba kutoka hapo kufuata saa.

Nichukue yangu mwenyewe muone. Nimezaliwa Dar, tarehe 27 mwezi wa nane, saa sita na nusu mchana. Lagna ni Nge, digrii kama 18, na Jua liko Simba. (Ndio, magazeti yananiita Mashuke. Wahindi wanapima kwa nyota zenyewe zilipo angani, wanarudi nyuma kama digrii 24 toka kipimo cha Wazungu, kwa hiyo wengi wetu tunashuka nyota moja. Na hii haihusiani na ile ya kupigiwa hesabu jina lako na la mama, hiyo ni elimu nyingine.) Kwenye uru, juu pana 8, na Jua limeandikwa `Su` kwenye uru ya kulia pamoja na namba 5. Uru ya kulia ni nyumba ya 10. Kwenye maboksi, `As` iko mstari wa chini, la pili kutoka kushoto, na `Su` iko upande wa kulia, juu kidogo ya kona ya chini. Hesabu kutoka Nge: Mshale 2, Mbuzi 3, Ndoo 4, Samaki 5, Punda 6, Ng'ombe 7, Mapacha 8, Kaa 9, Simba 10. Nyumba ya kumi kote kote, zimekubaliana.

Lakini kundali yangu ya kwanza haikuwa hivyo. Fomu iliuliza saa ya kuzaliwa nikajaza 6:30, si ndo saa sita na nusu! Ikatoka lagna Simba na Jua limekaa uru ya juu. Nikaisoma miezi kadhaa nikiwa na furaha zangu, lagna Simba bwana, mpaka nilipompigia mama nikimwambia wanasema nimezaliwa jua linachomoza, akacheka: "Alfajiri gani mwanangu, wewe nilikuzaa adhana ya adhuhuri ndo imekwisha." Saa sita nzima zimeruka.

Tangu hapo kundali yoyote nikiishika naangalia Jua kabla ya kitu kingine. Lagna ni nyota inayochomoza mashariki dakika unayozaliwa, kwa hiyo aliyezaliwa alfajiri Jua lake litakuwa nyumba ya 1 au karibu yake, wa mchana karibu na ya 10, wa magharibi karibu na ya 7, wa usiku wa manane karibu na ya 4. Likisogea nyumba moja huku au huku ni kawaida. Likisogea tatu, mtu kakosea saa, na sisi wa saa za Kiswahili tunakosea hivyo hivyo kila siku. Kosa dogo halionekani kwa njia hii, lagna inahama nyota kila baada ya masaa mawili hivi, kwa hiyo angalia na digrii: mimi wa 18 hata nikikosea nusu saa bado ni Nge, ila mwenye 29 au 0 dakika chache tu zinamhamisha.

Kwako wewe sasa, shika ile ya maboksi uangalie mstari wa chini, la pili kutoka kushoto. Kama `As` iko hapo, karatasi zako ni za mtu mmoja. Kama haipo, angalia ile ya uru kama `Mo`, yaani Mwezi, iko uru ya juu pamoja na hiyo 8, maana wachoraji wengi wanatoa na kundali ya Mwezi, ambayo juu wanaweka nyota ya Mwezi badala ya lagna, na kichwa chake huwa kimeandikwa kadogo sana, `Moon Chart` au `Chandra`. Kama sio hiyo, basi waulize walijaza saa ngapi.