Mtoto wa kiume anakojolea chini ya uume: maswali yenu, na kwanini tohara isubiri

Sista, mwanangu ana wiki 3, mkojo unatokea chini ya kichwa sio kwenye ncha, na govi limekaa juu tu kama kofia. Mkunga kaniambia "huyu kazaliwa katahiriwa". Ni ugonjwa?

Mama, hajatahiriwa na mtu wala hakuzaliwa katahiriwa, na hayo maneno nikiyasikia huwa naacha kila kitu nimfungue mtoto pampasi nimwangalie, maana wodini kwetu tunapokea watoto wengi ambao wazazi wao waliambiwa hivyohivyo. Inaitwa hipospadia. Mimba ikiwa na miezi miwili mitatu uume wa mtoto unakuwa na mfereji ulio wazi kwa upande wa chini, alafu kingo za huo mfereji zinafungana kuanzia kwenye shina kwenda kichwani, kama unavyofunga zipu. Kwa mwanao zipu iliishia njiani, na pale ilipoishia ndo pakawa tundu la mkojo. Govi nalo likashindwa kuzunguka chini, likarundikana lote juu.

Hukula kitu kibaya na hakuna aliyekufanyia kitu. Katika kila watoto wa kiume 200 hadi 300 mmoja anazaliwa hivi, wengi sababu haijulikani, ila inaonekana zaidi kwa waliozaliwa na uzito mdogo na kwenye familia ambayo baba au kaka anayo.

Sasa nikuombe kitu. Akianza kukojoa mrekodi video kwenye simu, mkojo unatokea wapi na unaelekea wapi, mbele au chini kwenye mapaja. Alafu siku moja uume wake ukiwa umesimama (watoto wachanga unawasimama, usishtuke) angalia umenyooka au umepinda kuelekea chini kama ndoana, piga na picha. Daktari akimwona mtoto kalala na uume umelala hawezi kuona huo mpindo, kwa hiyo picha yako inamsaidia kweli. Usivute govi kulazimisha chochote.

Sisi ni Waislamu wa Tanga, siku ya saba imekaribia na babu yake ameshamwita ngariba. Daktari kasema msimtahiri na hakufafanua. Kwanini?

Kwa sababu hilo govi ndo kitambaa atakachotumia fundi. Hapa nataka nieleze taratibu maana watu wanaambiwa "subirini" bila kupewa sababu, wanarudi nyumbani wanakata.

Daktari wa upasuaji akimfungua mtoto ana kazi tatu na zote zinahitaji ngozi. Kwanza anaunyoosha uume uliopinda, na ukishanyooka ngozi ya chini inakuwa fupi haitoshi kufunika, kwa hiyo analipasua govi la juu katikati na kuleta vipande viwili kuzungusha huku na huku mpaka chini. Pili anatengeneza bomba la mkojo lifike kwenye ncha. Mara nyingi anatumia nyama ya palepale kwenye mfereji, ila ikiwa haitoshi anachukua ngozi ya ndani ya govi ambayo ni laini na haioti nywele, na hili la nywele sio dogo: ukichukua ngozi ya mfuko wa korodani, kijana akibalehe nywele zinaota ndani ya njia ya mkojo, mkojo unagandia hapo, vijiwe, maambukizi kila mara. Tatu, na kwangu hii ndo kubwa, chini ya ngozi ya govi kuna utando mwembamba wenye mishipa ya damu. Daktari anaushusha na kuufunika juu ya mshono wa bomba jipya kama kiraka, ili mkojo usipate pa kuvuja. Akikuta govi limeshakatwa lote hiyo akiba hana.

Na kuna hatari ya siku yenyewe ya kutahiri. Upande wa chini ngozi ya hawa watoto wakati mwingine ni nyembamba kama karatasi na bomba la mkojo liko palepale chini yake, kisu kikiteleza kidogo tu mtoto anabaki na tundu la pili. Hata kile kipete cha plastiki cha kutahiria hakikai vizuri maana govi halikuzunguka.

Kuhusu dini: jina, kunyoa nywele na akika havingoji tohara, fanyeni siku yenu ya saba kama mlivyopanga. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata huku pwani, siku ya saba ni suna, wajibu unakuja akibalehe, na mtoto mwenye udhuru wa kiafya anasubiri. Mwende na babu kwa sheikh wenu amwambie mwenyewe, babu atalipokea kutoka kwake kuliko kutoka kwangu. Tena mwambieni kwamba operesheni ikiisha mara nyingi govi linakuwa limetumika lote, mtoto anatoka akiwa kama aliyetahiriwa, hamna kumpeleka mara ya pili.

Ila wapo wachache ambao daktari akiwaona anasema tundu limesogea kidogo tu, mkojo unaenda mbele, uume umenyooka, hakuna haja ya operesheni, tahirini tu. Hilo aliseme yeye, sio ngariba.

Wangu walishamkata! Govi lilikuwa zima kabisa, walipolifungua ndo wakaona tundu kubwa liko chini. Nimemharibu?

Hapana baba. Kuna aina ambayo govi limezunguka kama kawaida na hakuna anayeweza kuona mpaka lifunguliwe. Anayetahiri akiliona kabla hajakata anatakiwa aache hapohapo, arudishe govi, amfunge, ampe rufaa. Wako walishakata, na kwa aina hii bado wengi wanatengenezeka vizuri kwa nyama ya palepale. Ikikosekana wanachukua utando wa ndani ya shavu, mdomoni, nao hauoti nywele. Mpeleke tu na ueleze ukweli lini alitahiriwa.

Mtoto ana siku 8, tundu liko chini sana karibu na korodani, na nikipapasa korodani sizioni. Nisubiri mwaka kama wengine?

Usisubiri hata kesho, mpeleke leo hospitali kubwa. Wengine kwenye ukurasa huu nimewaambia wasubiri, wewe sikuambii hivyo.

Hipospadia pamoja na korodani zisizopapasika, hata ikiwa moja tu, inabidi wapime damu na ultrasaundi kujua homoni zake zikoje na ndani kuna viungo gani. Kuna mtoto anaonekana wa kiume kwa nje kumbe ni wa kike ambaye tezi zilizo juu ya figo zinatoa homoni za kiume nyingi mno, na wengi wao mwili unashindwa kushika chumvi. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu anaanza kutapika, ananyonya kwa uvivu, uzito unashuka, anaishiwa maji, na watu wanadhani ni tumbo tu. Anaweza kufa. Akipewa dawa mapema anaishi. Ukifika mapokezi sema kwa sauti: "ana siku 8, korodani hazipapasiki", na ukiona anatapika au amelegea liseme hilo la kwanza. Na jina la mtoto, kama bado hamjampa, lisubiri majibu.

Operesheni anafanyiwa akiwa na umri gani na inakuwaje? Naogopa nusu kaputi.

Madaktari wengi wanapenda kati ya miezi 6 na 18, mtoto hajafikia kukumbuka na bado anavaa pampasi. Tafuteni daktari bingwa wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo, kwa Tanzania Muhimbili, Bugando na KCMC wapo, kwa Kenya Kenyatta na Kijabe.

Nikupitishe kwa mtoto mmoja niliyemhudumia, miezi 11, tundu chini kidogo ya kichwa, uume umepinda kiasi. Maziwa ya mama mwisho masaa 4 kabla. Akalazwa usingizi, na akiwa kalala akachomwa ganzi chini ya mgongo ili akiamka asipate maumivu makali. Daktari kavaa miwani ya kukuzia, nyuzi zenyewe nyembamba kama unywele, masaa mawili hivi. Alitoka na mpira mwembamba wa mkojo umeshonewa kwenye kichwa cha uume, na hapo mama yake nikamfundisha pampasi mbili: ya ndani unaitoboa mbele, unapitisha uume na mpira kwenye hilo tundu, inabaki kupokea choo, ya nje kubwa inapokea mkojo unaodondoka. Choo hakifiki kwenye kidonda. Siku ya 7 mpira ukatolewa. Uume ulikuwa umevimba na kuwa bluu, mama akalia, ila huo uvimbe ni wa kawaida na unaisha wiki hadi wiki.

Usiku mmoja kabla ya hapo mpira uliacha kudondosha. Mtoto anajikaza, pampasi kavu. Mama hakuvuta, alikuja wodini, mpira ulikuwa umejikunja tu. Ukiona hivyo, au damu inalowesha, au homa, rudi saa hiyohiyo.

Miezi 4 baadaye akamwona anakojoa mistari miwili, mmoja kwenye ncha na mwingine mwembamba kama sindano pembeni. Hicho ni kitundu kimebaki kwenye mshono, ndo tatizo linalojitokeza zaidi. Kwa tundu lililo karibu na kichwa si wengi wanaopata, kwa lile la chini kabisa linafika hata nusu ya watoto, na hao mara nyingi wanafanyiwa kwa awamu mbili. Hakikuzibwa hapohapo, walisubiri miezi 6 ngozi ilainike, kikazibwa mara moja kikapona. Kingine cha kuangalia ni mkojo kuwa mwembamba na kuchukua muda mrefu huku anajikamua, hapo ncha imebana.

Wangu ana miaka 9, hatukujua. Shuleni anachuchumaa chooni wenzake wanamcheka. Muda umepita? Na atazaa?

Haujapita dada, wapo wanaofanyiwa wakubwa kabisa. Umri huu ni mgumu kidogo kwa sababu anajua na anaogopa, na kupona kunasumbua kuliko kwa mchanga, kwa hiyo mweleze yeye mwenyewe, sio uongee na daktari juu ya kichwa chake. Pangeni likizo ndefu ili mpira na uvimbe viishe nyumbani.

Kuzaa, kama korodani zote mbili zimeshuka na ni nzima, mbegu anazo. Shida ni njia tu, uume uliopinda sana unamsumbua kwenye tendo na tundu la chini linamwaga mbegu mahali pasipo. Vyote viwili ndo vinavyorekebishwa. Kama hajatahiriwa bado, msimpeleke jandoni mwaka huu na wenzake.